Tamthilia uliyoiacha miaka mingi: uanze upya, upate muhtasari, au uachane nayo?

Episodi ya mwisho ya Stranger Things, tamthilia ya Netflix, ilitoka saa 10 alfajiri ya tarehe 1 Januari 2026 kwa saa zetu. Tangu hapo swali ninaloulizwa sana hapa Mwanza, kuanzia kwa vijana wa Nyegezi hadi kwa shemeji yangu wa Igoma, ni lile lile: "Mimi niliishia ule msimu wa nne, mwaka 2022. Nianze wapi?" Wengine waliishia msimu wa pili. Wengine hawajui waliishia wapi, wanakumbuka tu mtoto wa kike mwenye nywele fupi anayetokwa damu puani.

Nitaitumia tamthilia hiyo kama mfano mkuu kwa sababu ina kila kinachomsumbua mtu anayerudi. Misimu ni mitano, ya mwaka 2016, 2017, 2019, 2022 na 2025. Episodi ni 42 kwa jumla, na kutoka msimu wa tatu hadi wa nne, kisha wa nne hadi wa tano, ni karibu miaka mitatu mitatu ya kusubiri. Nitataja mambo ya misimu minne ya kwanza waziwazi. Ya msimu wa tano nitayagusa mawili tu, na nitaonya kabla.

Jua kwanza uliishia wapi

Watu wengi wanakosea hapa, wanachagua njia kabla ya kujua walipo. Kama uliangalia kwa akaunti ya Netflix, fungua netflix.com/viewingactivity kwenye kivinjari. Utaona orodha ya kila ulichoangalia kwenye profaili yako, pamoja na tarehe. Usiamini ile mistari ya "Continue Watching", maana mdogo wako akigusa episodi moja kwa bahati mbaya, alama inahama. Orodha ya tarehe haidanganyi. Ukiona episodi nne za mwisho zote ziliangaliwa usiku mmoja, jua mbili za mwisho ulikuwa unasinzia.

Kama uliangalia kwa flashi kutoka duka la muvi, angalia majina ya mafaili. S04E07 maana yake msimu wa nne, episodi ya saba. Hesabu kama zote zipo, kwa sababu mafaili ya madukani huwa na mapengo. Msimu wa nne wa Stranger Things ulitoka kwa mafungu mawili, episodi saba tarehe 27 Mei 2022 na mbili tarehe 1 Julai. Kuna watu wanaapa kwamba walimaliza msimu wa nne, kumbe walibandikiwa zile saba za kwanza na hawakurudi tena dukani. Kipimo ni rahisi: kama hukumbuki mji wa Hawkins ukipasuka ardhi na Max akilazwa hospitali akiwa hajitambui, hukumaliza.

Ukishapajua mahali, iangalie tena episodi ile ya mwisho uliyoiona, ile moja tu, kabla ya kuamua chochote. Usijipime kwa kukumbuka sura, maana sura hubaki. Zinazopotea ni sababu: nani amemkasirikia nani, nani anajua siri ipi, kwa nini huyu yuko Urusi na yule yuko Kalifonia. Ukiweza kujibu hayo mtu akikuuliza wakati episodi inaendelea, huhitaji kuanza upya hata kama imepita miaka mitano. Ukiona kila dakika kumi unasema "huyu tena nani?", miaka miwili tu imeshatosha kukufuta.

Kuanza upya

Misimu minne ya kwanza ni episodi 34, karibu saa 35 za kuangalia, na msimu wa nne peke yake unakula kama saa 13 kwa sababu episodi zake ni ndefu kama muvi. Kwenye app ya simu, Netflix wenyewe wanakadiria GB moja kwa kila saa nne ukiacha mpangilio wa kawaida, na GB moja kwa saa sita ukichagua "Save Data". Kwa hiyo kuanza upya ni kama GB 9 kwa njia ya kawaida au GB 6 kwa kubana. Ukiweka "Maximum Data" sahau hesabu hiyo, GB moja inaweza kwisha ndani ya dakika 20.

Bando linaweza kupatikana. Kinachonipa wasiwasi zaidi kwenye njia hii ni kwamba watu wengi wanaoanza upya wanaishia pale pale walipoishia mara ya kwanza. Msimu wa kwanza unakwenda kwa furaha kwa sababu ni mfupi, episodi nane tu. Wa pili unakwenda. Katikati ya wa tatu uchovu unaingia, kwa sababu unajua kinachokuja, na umeme ukikatika usiku mmoja hamu nayo inakatika. Baada ya wiki mbili mtu amerudi kwenye orodha ya walioacha, na msimu mpya hajaugusa.

Hata hivyo kuna watu watatu ambao ningewaambia waanze upya bila kusita. Wa kwanza ni aliyeishia ndani ya msimu wa kwanza au mwanzoni mwa wa pili. Huyo hana cha kufupisha. Wa pili ni anayeangalia na mtu ambaye hajawahi kuiona, mke, mume au mdogo wake aliyekuwa mtoto wakati ule. Kumsimulia mtu misimu minne huku episodi inaendelea ni kuharibu jioni ya wote wawili.

Wa tatu ni yule aliyeangalia iliyotafsiriwa. Nazungumzia zile ambazo DJ anaongea juu ya sauti yenyewe, anawapa wahusika majina yake, anatia utani, na wakati mwingine anafupisha mazungumzo ya dakika mbili kwa sentensi moja. Nazipenda, nimekulia kwenye kibanda umiza kama wengine. Ila aliyeona hivyo anazikumbuka ngumi, mazimwi na vichekesho vya DJ, lakini mazungumzo yenyewe hakuyasikia. Akipewa muhtasari unaotaja Vecna, Henry na Namba Moja kama mtu mmoja, hana pa kuushikia, kwa sababu alimjua kama "yule mzee wa mikia". Kwake kuanza upya na sabtaito ni kuangalia kwa mara ya kwanza.

Muhtasari

Muhtasari una nguvu moja kubwa: dakika 15 au 20 na bando kidogo. Unakurudishia matukio kwa mpangilio. Haukurudishii uzito wa matukio hayo. Unaweza kuambiwa kwamba mkuu wa polisi Hopper alidhaniwa amekufa mwisho wa msimu wa tatu, kumbe yuko gerezani Urusi, ukaelewa kabisa, na bado siku anapokutana tena na Eleven, yule binti wa damu puani, usihisi kitu. Kama unarudi ili tu ujue iliishaje, sawa. Kama unarudi kwa sababu uliwahi kuipenda, muhtasari peke yake utakuacha umekaa nje ya mlango.

Jambo la pili ni kuchagua muhtasari upi. Angalia tarehe ya video. Muhtasari uliowekwa kabla ya tarehe 26 Novemba 2025, siku episodi nne za kwanza za msimu wa tano zilipotoka, hauwezi kukutobolea mwisho, kwa sababu aliyeutengeneza alikuwa hajauona. Ulioandikwa baadaye, hata ukijiita wa misimu minne, mara nyingi unateleza. Msimuliaji anaweka mkazo kwenye kitu fulani kwa sababu anajua kitakuwa na maana, nawe ukiwa mjanja unashtuka. Na yenye maneno "Ending Explained" kwenye kichwa usiifungue kabisa, hata picha yake ya jalada inaweza kuwa imeshatoboa.

Kuna hadithi ambazo muhtasari unazitosha kabisa. Chukua Prison Break, ambayo nadhani hakuna mtaa Mwanza usioijua. Iliisha mwaka 2009, ikarudi mwaka 2017 na msimu wa tano wa episodi tisa. Mtu aliyekuwa amekaa miaka minane hakuhitaji kurudia gereza la Fox River. Alihitaji kujua mambo manne: stelingi Michael alihesabiwa amekufa, Sara ameendelea na maisha na ana mtoto, Lincoln yupo, T-Bag yupo. Msimu ule ulijenga gereza jipya Yemen na maadui wapya, na hadithi ikaanza upya yenyewe. Tamthilia ya namna hii, ambayo kila msimu una tatizo lake na wahusika ndio wale wale, ipe muhtasari na uendelee.

Za kila siku za kwetu, kama Huba ya Maisha Magic Bongo, pamoja na zile za Kituruki zenye sauti ya Kiswahili, hata muhtasari hazihitaji. Zimeandikwa kwa ajili ya mtu aliyekosa Jumanne kwa sababu alikuwa Mwaloni Kirumba akisubiri mzigo wa dagaa. Wahusika hukaa na kukumbushana mambo kila baada ya siku mbili. Kaa uangalie wiki moja, utakuwa umeshika.

Njia ya katikati, ambayo ndiyo naipendekeza kwa wengi

Stranger Things si ya aina hiyo. Uzi wake ni mmoja kuanzia usiku wa tarehe 6 Novemba 1983, pale mtoto Will anapopotea, na msimu wa tano unarudi kuuvuta uzi huo huo. Kwa hiyo mtu akiniambia alimaliza msimu wa nne na amesahau, simwambii aanze upya wala simpi muhtasari mtupu. Nampa episodi kumi.

Hapa ndipo naonya: kama hutaki kujua chochote cha msimu wa tano, ruka aya mbili zinazofuata, ziamini tu namba.

Anza na S01E01 na S01E08. Ya kwanza kwa sababu ya Will kupotea, ya nane kwa sababu ya anavyorudi akiwa si mzima. Kisha S02E06, ambamo Will anatumika kama jasusi bila kujijua. Watu wengi waliisahau sehemu hii kwa sababu misimu ya tatu na ya nne ilimweka Will pembeni, wakadhani habari yake imekwisha. Msimu wa tano unaanza kwa kurudi mwaka 1983 na Will yule yule, na asiyekumbuka uhusiano wake na ule upande wa pili ataona kama hadithi imebuniwa jana.

Halafu S02E07. Hii ndiyo episodi iliyolalamikiwa kuliko zote, ile ambayo Eleven anaondoka Hawkins kwenda mjini na kukutana na Kali, binti mwingine aliyelelewa kwenye maabara. Orodha nyingi za "ruka hii" zinaitaja. Walioutii ushauri huo walipata tabu, kwa sababu Kali anarudi msimu wa tano, na si kwa kupita.

Msimu wa tatu upe moja tu, S03E08. Ndani yake kuna yote ya lazima: Billy anakufa, Hopper anadhaniwa amekufa, Eleven amepoteza nguvu zake, na familia ya Will inahama mji. Yaliyobaki ya msimu ule ni mazuri, ila ni ya kufurahia tu. Kutoka msimu wa nne chukua tano: S04E01, S04E04 ambamo Max anamponyoka Vecna, S04E07 inayoeleza Vecna ametoka wapi, kisha S04E08 na S04E09. Ya tisa ina zaidi ya saa mbili, itengee usiku wake.

Jumla ni kama saa 12 na nusu. Nimeziweka njia zote kando kwa kando hapa, kwa mpangilio wa kawaida wa simu:

| Njia | Muda | Bando | Unachokosa |
|---|---|---|---|
| Kuanza upya, episodi 34 | karibu saa 35 | kama GB 9 | Hukosi kitu, ila uchovu uko njiani |
| Msimu wa nne wote | karibu saa 13 | kama GB 3 na robo | Will wa zamani, Kali |
| Episodi kumi za kuchagua | kama saa 12 na nusu | GB 3 na kidogo | Utani na urafiki wa msimu wa tatu |
| Muhtasari wa video | dakika 15 hadi 20 | kidogo sana | Hisia zote |

Njia ya pili na ya tatu ndizo za kuzitazama kwa makini. Ushauri wa kawaida ni "rudia msimu wa mwisho tu", na kwa tamthilia nyingi ni ushauri mzuri. Hapa muda ni karibu ule ule, ila episodi kumi zinakupa uzi mzima, wakati msimu wa nne unakupa Vecna na kukuachia mashimo nyuma.

Ukienda kwa orodha ya namna hii, zima vitu viwili. Kwenye mipangilio ya profaili zima "Autoplay next episode", la sivyo ukimaliza S01E01 itakubeba hadi ya pili, na utakuta umeanza upya bila kuamua. Na kwenye sehemu ya vilivyopakuliwa zima "Download Next Episode". Ikiwa imewashwa na uko kwenye waifai, app inafuta uliyomaliza na kuleta inayofuata kwa mpangilio, si ile ya kwenye orodha yako. Jamaa yangu mmoja aliimaliza S01E01 kwa waifai ya ofisini akidhani inayofuata ya orodha itajileta, akapanda meli ya usiku kwenda Bukoba, akiwa katikati ya ziwa ambako mtandao hakuna akafungua simu akakuta S01E02 mahali pa S01E08. Usiku kucha alikuwa na episodi moja ambayo haikuwa na kazi naye. Kagua orodha ya mafaili kabla hujapita geti la bandari, na angalia pia kama kuna iliyoandikwa kwamba muda wake umekwisha, maana vilivyopakuliwa huwa na ukomo.

Kuachana nayo

Hapa swali si uliacha lini, ni uliacha kwa nini. Kama uliacha kwa sababu ya mitihani, simu kuibiwa, au duka la flashi kufungwa, tamthilia haina kosa na inastahili nafasi nyingine. Kama uliacha kwa sababu ilikuchosha, miaka iliyopita haijabadilisha episodi hizo. Zipo vile vile, zinakusubiri pale pale.

The Walking Dead ndiyo mfano ninaoutoa kila mara. Ilianza mwaka 2010, ikaisha mwaka 2022, misimu 11, episodi 177. Mtu aliyeacha msimu wa saba kwa kuchoka ana misimu minne na zaidi mbele yake hata kabla ya kurudia chochote. Kuanza upya ni zaidi ya saa 120. Huyo namwambia bila aibu aiache. Lakini aiache vizuri, asome mwisho wake kwa maandishi, dakika kumi, ajue nani alibaki hai, kisha aitoe kwenye orodha yake ili isiendelee kumkodolea macho kila akifungua app. Kinachochosha watu ni ile hali ya kuwa nayo nusunusu, kila mwaka mtu anaahidi kurudi.

Kipimo ninachokitumia kwa aliye katikati, ambaye hajui kama alichoka au alikosa nafasi, ni kumpa episodi mbili kuanzia pale pale alipoishia, bila muhtasari wala kurudia. Akimaliza ya pili akauliza maswali, "yule alifikaje pale?", hamu ipo, apewe orodha ya kurudia. Akimaliza akachukua simu yake na kuanza kuangalia mambo mengine bila kuuliza lolote, basi. Shemeji yangu wa Igoma nilimpa hivyo na Stranger Things. Kwenye ya kwanza alikaa kimya nikadhani imeshindikana. Kwenye ya pili akaisimamisha katikati: "Shem, hebu ngoja, huyu Namba Moja si ndiye yule mtumishi wa maabara aliyekuwa anamsaidia binti?" Nikamwandikia zile namba kumi kwenye meseji usiku ule ule.